Baada ya somo: mazungumzo ya mwalimu mlezi na mwanagenzi wa chekechea

Mzazi anayepita karibu na darasa la chekechea huenda akamwona mwalimu mgeni amesimama mbele ya watoto, na yule mwalimu wa siku zote ameketi nyuma na daftari magotini. Mgeni huyo ni mwanagenzi, yaani mwanafunzi wa ualimu aliye kwenye mazoezi ya kufundisha. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliikabidhi elimu ya chekechea kwa serikali za kaunti. Kwa hivyo anayejifunza kazi leo katika darasa la Nkubu au Runyenjes huenda ndiye atakayeajiriwa na kaunti kesho kuwafundisha watoto wenu.

Somo la chekechea huchukua dakika 30. Likiisha, mwalimu mlezi na mwanagenzi huketi kwa dakika 20 hivi kulizungumzia, na hapo ndipo kazi nyingi hupotea. Mlezi mmoja husema "umejitahidi" na kwenda zake. Mwingine husoma orodha ya makosa kumi na mawili, kuanzia ubao, sauti, muda hadi mavazi, na mwanagenzi akitoka hapo hakumbuki hata moja. Mimi mwenyewe nilipokuwa mwanagenzi wa uanahabari nilirudishiwa habari yangu ikiwa na neno moja la wino mwekundu: "Dhaifu." Hadi leo sijui kama tatizo lilikuwa kichwa cha habari, ushahidi au Kiswahili changu.

Mazungumzo yafuatayo yameandikwa ili yasomwe kwa sauti katika mafunzo ya walimu walezi. Wahusika ni wa kubuni. Mwalimu Karimi amefundisha chekechea Meru kwa miaka mingi, naye Wawira ametoka Embu kwa mazoezi. Wazazi nao wanakaribishwa kusoma, maana jambo linalozungumzwa, la mtoto anayetaja namba hadi kumi bila kujua kumi ni ngapi, liko katika nyumba nyingi.

Kwanza, somo lenyewe. Darasa ni la PP2, watoto 28, meza nne, kila meza watoto saba. Lengo lililoandikwa kwenye andalio la somo ni kwamba mtoto aweze kuhesabu vitu kutoka 1 hadi 9. Wawira aligawa njugu za makadamia zenye ganda, kila mtoto njugu kati ya tano na tisa. (Alichagua vizuri. Maharagwe katika darasa la chekechea huishia puani.) Walianza kwa wimbo wa namba, wakahesabu pamoja kwa sauti, kisha watoto wanne wakaitwa mbele kuhesabu na kupigiwa makofi. Baadaye kila mmoja akahesabu njugu zake mezani, mwalimu akizunguka.

Mwalimu Karimi aliketi nyuma. Daftari lake lilikuwa na safu mbili tu: saa, na kile alichokiona au kukisikia. Hakuandika "nzuri" wala "mbaya" popote.

Sasa watoto wanakunywa uji, mwalimu mwingine anawaangalia, na wawili hawa wako kwenye benchi nyuma ya darasa, mahali ambapo hawasikiki.

KARIMI: Pole na kazi, Mwalimu. Keti, chai hii hapa.

WAWIRA: Asante, Mwalimu. Niambie tu ukweli. Nimepata ngapi?

KARIMI: Leo hakuna alama. Alama atatoa mkaguzi kutoka chuoni kwenu, na siku hiyo utaijua mapema. Leo ni wewe na mimi na somo. Kwa unavyoliona wewe, limeendaje?

WAWIRA: Nadhani vizuri. Wimbo waliupenda. Muda uliniponyoka kidogo mwishoni. Lakini walielewa.

KARIMI: Walielewa nini?

WAWIRA: Kuhesabu hadi tisa.

KARIMI: Ni nini kilikuonyesha kwamba wameelewa?

WAWIRA: Walijibu wote! Ulisikia mwenyewe, Mwalimu. Hata huko jikoni walisikia.

Tusimame hapa kidogo. Mlezi asiye na uzoefu angejibu papo hapo kwamba kelele si kuelewa, na angekuwa amesema kweli. Lakini mwanagenzi angeanza kujitetea, na dakika zote zilizobaki zingekuwa za mabishano. Karimi anaiacha kauli hiyo ikae. Amepata tayari alichokuwa akikitafuta: Wawira anapima uelewa kwa masikio.

KARIMI: Nilisikia. Tutarudi hapo. Kwanza nikusomee jambo moja nililoandika. "Saa 3:06. Mtoto wa meza ya dirishani analia, mwenzake amechukua njugu yake. Mwalimu anapiga magoti kando yake, anampa nyingine, haachi kuimba. Mtoto ananyamaza, anaingia kwenye wimbo. Hakuna mtoto mwingine aliyegeuka."

WAWIRA: Hata sikujua umeona.

KARIMI: Wanagenzi wengi husimamisha darasa zima ili wamtafute mwizi wa njugu. Wewe ulimtuliza mmoja bila kuwapoteza ishirini na saba. Usiliache hilo.

Sifa hii ina saa, ina kitendo na ina matokeo. Wawira anaweza kuirudia kesho kwa sababu anajua alifanya nini hasa. "Una kipaji cha watoto" ingemfurahisha zaidi, ila hakuna kitu ndani yake cha kurudia.

KARIMI: Sasa sehemu nyingine. Nitakusomea kama nilivyoandika, halafu nataka wewe uniambie unaona nini. "Saa 3:19. Meza ya nyuma, mtoto mwenye sweta ya kijani. Njugu 6. Anahesabu akigusa kwa kidole, anaishia nane. Mwalimu anapita, anasema: Vizuri sana, umefika nane!"

(Kimya.)

WAWIRA: Zilikuwa sita?

KARIMI: Nilizihesabu mara mbili.

WAWIRA: Basi nilikuwa na haraka. Watoto ni 28, Mwalimu. Siwezi kusimama kwa kila mmoja. Na zile njugu zinabingirika, hazitulii mezani.

(Karimi hajibu. Anakunywa chai.)

WAWIRA: Kusema kweli... nilisikia nane ikifuata saba, nikaona amehesabu sawa. Alisema hata "mugwanja" badala ya saba, nikafurahi, maana kwetu Embu pia ni mugwanja. Sikuangalia meza. Nilisikiliza tu.

Katika mafunzo, mahali hapa ndipo wasomaji wa mazungumzo haya huharakisha, kwa kuwa kimya kinachoma. Mwaka 1974 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alieleza kwamba mwalimu akiuliza swali darasani husubiri jibu kwa sekunde moja hivi, na kwamba akiongeza kusubiri hadi sekunde tatu au zaidi, majibu huwa marefu na yenye fikra. Watu wazima kwenye benchi hawana tofauti. Wawira alitoa sababu mbili za kujitetea, zote za kweli, na Karimi hakuzipinga wala kuzikubali. Sentensi iliyofuata ndiyo iliyobeba somo zima, na aliisema Wawira mwenyewe.

KARIMI: Ulisikiliza nini?

WAWIRA: Mpangilio. Moja, mbili, tatu, hadi nane. Mpangilio ulikuwa sahihi.

KARIMI: Na ulikuwa sahihi kweli. Anaujua kama anavyoujua wimbo. Ni nini hakijui?

WAWIRA: Kwamba kila njugu ina namba yake moja. Alirudia nyingine.

KARIMI: Hapo. Mimi nilipoanza kazi hii nilikuwa na darasa la watoto arobaini, na nilifanya hivyo hivyo mwaka mzima, nikadhani... Lo, nimeanza kuhubiri. Nirudi kwako. Wale wanne ulioita mbele, walikuwa wanaketi wapi?

WAWIRA: Mbele. Meza ya mbele, wote. Ndio walioinua mikono.

KARIMI: Na sauti kubwa tuliyoisikia sote, inakuambia nini kuhusu mtoto wa meza ya nyuma?

WAWIRA: Hakuna. Anaweza kuimba pamoja nao bila kuhesabu chochote.

Tuwatoe msomaji na mkufunzi benchini kwa aya moja, kwa sababu Karimi anajua jambo ambalo hakulitaja kwa jina. Mwaka 1978 wanasaikolojia Rochel Gelman na C. R. Gallistel walieleza kwamba kuhesabu kuna kanuni kadhaa zinazopaswa kufanya kazi pamoja. Tatu kati yake ndizo zinazotuhusu hapa. Mtoto ataje namba kwa mpangilio usiobadilika. Kila kitu kipewe namba moja tu, hakuna kinachorukwa wala kurudiwa. Na ile namba ya mwisho iwe ndiyo jumla ya vitu vyote. Kanuni ya kwanza husikika, ndiyo maana huwafurahisha wazazi na walimu wanagenzi. Ya pili huonekana kwa macho tu, kwenye ncha ya kidole. Ya tatu haisikiki wala haionekani mpaka uulize.

WAWIRA: Sasa nifanyeje? Nimsahihishe kila anayekosea?

KARIMI: Tujaribu hapa hapa. Mimi ndiye mtoto mwenye sweta ya kijani. (Anamwaga njugu sita kwenye benchi, anagusa mbili mara mbili.) Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, mugwanja, nane!

WAWIRA: Hapana, hebu hesabu tena.

KARIMI: (Anafanya vilevile.) Nane!

WAWIRA: Si nane. Ni sita.

KARIMI: Sita! (Anaacha kuigiza.) Nimesema sita. Nimejifunza nini?

WAWIRA: Kwamba mwalimu anataka kusikia sita. Kesho nikimpa saba atasema sita tena.

KARIMI: Kwa nini alirudia zile mbili?

WAWIRA: Zimechanganyika. Hajui ipi amehesabu na ipi bado. Na zikibingirika ndiyo kabisa.

KARIMI: Basi tatizo moja liko mezani, haliko kichwani. Unaweza kulitatua kwa nini?

WAWIRA: Trei ya mayai? Kila njugu iketi kwenye shimo lake. Au... nichore mstari wa chaki katikati ya meza. Kila njugu anayoitaja anaisukuma ivuke. Ikishavuka haihesabiwi tena.

KARIMI: Nipe mstari. Trei tutazitafuta baadaye. (Wawira anachora kwa chaki kwenye benchi. Karimi anasukuma njugu moja moja, akitaja namba.) ...Sita.

WAWIRA: Vizuri, zote sita zimevuka na kila moja umeitaja mara moja. Kwa hivyo una njugu ngapi?

KARIMI: Moja, mbili, tatu, nne...

WAWIRA: Aa! Anaanza upya.

KARIMI: Wengine wa umri wake huanza upya. Umemwuliza "ngapi," yeye amesikia "hesabu." Bado haoni kwamba ile sita ya mwisho ilikuwa jibu. Utajuaje kwa uhakika kama analijua?

WAWIRA: Nimwombe anipe. "Nipe njugu nne." Akijua nne ni ngapi, atatoa nne na kuacha. Asipojua atanipa kiganja kizima.

KARIMI: Fanya hivyo, uniambie.

Msomaji anaweza kufanya jaribio hili jikoni leo jioni. Mpe mtoto wa miaka minne au mitano rundo la vizibo vya soda, umwambie, "Nipe vinne." Usimwambie ahesabu. Mtoto aliyetaja namba hadi ishirini mbele ya wageni jana anaweza kukupa konzi nzima ya vizibo bila kusita. Hakuna ugonjwa wala uzembe hapo. Amefika kwenye kanuni ya kwanza, na ya tatu bado iko njiani. Mwombe kimoja, viwili, vitatu, upande polepole hadi pale anapoanza kubahatisha, halafu uanzie kazi yako hapo.

WAWIRA: Lakini bado ni watoto 28, Mwalimu. Nikikaa na mmoja dakika mbili, ni karibu saa nzima. Somo ni dakika 30.

KARIMI: Hilo ni kweli, halitatuliwi kwa bidii. Una meza ngapi?

WAWIRA: Nne. Saba saba.

KARIMI: Na siku ngapi kabla mkaguzi wenu hajaja?

WAWIRA: Wiki mbili... Meza moja kwa siku. Siku nne nimewaona wote. Wale wengine wacheze duka, mmoja muuzaji, mwenzake mnunuzi: "Nipe ndizi tatu." Hilo hilo jaribio, ila wanafanyiana wenyewe.

KARIMI: Dakika ngapi kwa meza?

WAWIRA: Kumi na nne, dakika mbili kila mtoto. Nikipunguza wimbo, na nikiacha kuwaita mbele, zinapatikana.

KARIMI: Wimbo acha kidogo, unawaamsha. Utaandika nini ukiwa hapo mezani?

WAWIRA: Jina, na alama tatu. Amesukuma moja moja? Amejibu "ngapi" bila kuanza upya? Amenipa nne?

KARIMI: Nami nikija Alhamisi nitaangalia kitu gani?

WAWIRA: Kama ninaangalia kidole kabla ya kusema vizuri.

KARIMI: Nitaangalia hilo tu. Ubao wako nimeuona, tutauzungumza siku nyingine.

WAWIRA: Una shida ubao wangu?

KARIMI: (Anacheka.) Siku nyingine. Alhamisi, kidole.

WAWIRA: Na "mugwanja" nimkataze? Andalio limeandikwa kwa Kiswahili.

KARIMI: Usimkataze. Mtaala unaturuhusu kutumia lugha ya eneo katika madarasa haya. Akishajua mugwanja ni njugu ngapi, neno "saba" atalipata bila taabu. Mwitikie "mugwanja, saba," uendelee.

Mazungumzo yanaishia hapo. Ubao wa Wawira ulikuwa na kasoro kweli, namba 6 na 9 ziliandikwa karibu na kuchanganya, nayo imo kwenye daftari la Karimi. Aliiacha kwa makusudi. Walezi wengine watapinga na kusema kosa lililoonwa lazima litajwe siku hiyo hiyo. Kwa maoni yangu wanakosea, isipokuwa katika jambo moja: kama mtoto ameumizwa, ametukanwa au yuko hatarini, hilo halingoji benchi wala chai, na haliulizwi kwa maswali ya kupapasa. Linasemwa mara moja na waziwazi.

Njia hii pia haifai pale ambapo anayeketi nyuma ndiye anayetoa alama. Mwanagenzi anayejua kwamba kila neno lake linapimwa hatakiri kwamba hakuangalia meza. Ndiyo maana swali la kwanza la Wawira lilikuwa la alama, na Karimi alilijibu kabla ya jingine lolote. Mkaguzi aseme tangu mwanzo kwamba yeye ni mkaguzi, na mlezi asigeuke mkaguzi katikati ya chai.

Kwa wanaoendesha mafunzo: wapange washiriki watatu watatu. Wawili wasome, wa tatu ashike saa na kuhesabu muda ambao mlezi anasema. Mwanagenzi ndiye anayepasa kuwa na maneno mengi. Msome mara moja, mkifika penye kimya msubiri kwa kweli, mpaka muone haya. Kisha funikeni karatasi na mfanye tena bila maandishi, kwa kutumia kumbukumbu hizi za somo jingine ambazo hazina majibu:

Saa 4:02. Mwalimu anasimulia hadithi ya sungura, kitabu kimeelekea kwake. Saa 4:07. Anauliza "Sungura alijificha wapi?" Anajibu mwenyewe, "Chini ya mti." Saa 4:08. Anauliza tena, anajibu mwenyewe. Saa 4:11. Mtoto wa meza ya tatu anasema kwa Kimeru kwamba shimo la sungura liko nyuma ya nyumba yao. Mwalimu: "Tunyamaze, tusikilize." Saa 4:15. Watoto tisa kati ya 24 wanaangalia dirishani.

Mshiriki anayeigiza mlezi achague jambo moja tu kati ya hayo. Mwisho wa dakika 20, anayeigiza mwanagenzi aulizwe na yule wa tatu, mlezi akiwa amenyamaza: "Kesho utafanya nini tofauti?" Asipoweza kulijibu kwa sentensi moja, wabadilishane nafasi na kuanza upya.